Njaa Yenye Saa

Mwezi ulipoandama, tukauona ziwani,
Usiku daku ya mama, uji moto kikombeni,
Nia nikaweka njema, moyoni na ulimini,
Ya njaa nilishasema, sikuyajua mwilini.

Kibuye nina kibanda, nauza mchele, dona,
Mchana jua lapanda, kooni mate hakuna,
Chupa i kando ya banda, ninywe, mtu hataona,
Mkono nikaufunda: anajua Maulana.

Funga si tumbo kulia, ulimi nao hufunga,
Jirani kanizidia, kwa maneno ya kuchonga,
"Nimefunga," kamwambia, hasira nikaipinga,
Kopo nikalijazia, sikupunja hata unga.

Akaja mama mchovu, mwana yumo mgongoni,
Mguuni tope kavu, atoka Nyalenda chini,
Sauti yake tulivu: "Nusu gorogoro, deni."
Shaabani, moyo mbovu, nilimnyima kwa nini?

Yangu njaa ina saa, jua likizama nile,
Tende sahani zajaa, chapati na wali tele,
Yake njaa inakaa, haina adhana ile,
Mtoto akishangaa, huambiwa tu, "Ulale."

Gorogoro nikajaza, wala deni sikutaka,
Omena nikaongeza, nikafunga kwa haraka,
Jina sikumuuliza, wala dini kuisaka,
Machozi akayameza, kitoto chake chacheka.

Fitiri ni pishi moja, kwa kila kichwa nyumbani,
Sita tayari zangoja, guniani mlangoni,
Swala ya Idi ikija, ziwe zimefika ndani,
Yangu navusha daraja, kwa mguu, matopeni.