Mwaliko kwa Wazazi na Walezi wa Darasa la Tatu B: Njooni Muwasimulie Watoto Kazi Zenu

Tanga,
15 Julai 2026

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi wa Darasa la Tatu B,

YAH: KUFIKA DARASANI KUWASIMULIA WATOTO KUHUSU KAZI MNAZOFANYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei, kabla ya likizo, niliwapa watoto zoezi la kuandika sentensi tatu kuhusu kazi ya mzazi au mlezi. Nilitarajia kusoma mengi, lakini madaftari mengi yalirudi yakiwa na maneno yanayofanana: baba anaenda kazini, anarudi jioni, amechoka. Mtoto mmoja aliandika kwamba mama yake "anauza", akaweka nukta, nilipomuuliza anauza nini, alifikiri kidogo, kisha akanijibu, "Vitu." Mama huyo ni mteja wangu, au niseme mimi ndiye mteja wake, na ameniruhusu kuyaeleza haya. Huamka saa tisa usiku, akawahi dikoni Sahare kabla wachuuzi wengine hawajachagua, akarudi kuwapara na kuwakaanga samaki wake, na ifikapo saa moja asubuhi meza yake imekwisha kupangwa, wakubwa upande wake na wadogo upande wao. Mwanawe anaishi naye nyumba moja, anakula kwa kazi hiyo na kuvaa sare kwa kazi hiyo, lakini haijui. Nikatambua kuwa watoto wetu wanauona uchovu wa kazi zetu, ila kazi yenyewe hawajawahi kuonyeshwa.

Kwa sababu hiyo, na kwa idhini ya Mwalimu Mkuu, ninawaalika mje darasani mmoja mmoja kuwasimulia watoto kazi mnazofanya. Tumetenga Jumatano tano: tarehe 29 Julai, 5 Agosti, 12 Agosti, 19 Agosti na 2 Septemba. Jumatano ya tarehe 26 Agosti tumeiruka kwa kuwa inaangukia siku za Maulidi. Kila Jumatano tutapokea wageni wawili, wa kwanza saa 4:30 asubuhi, watoto wakiwa wametoka kunywa uji, na wa pili saa 5:00. Kila mgeni atakuwa na dakika 20, ambazo ningependa zigawanywe hivi: kumi za kusimulia na kuonyesha, na kumi za maswali. Nawaomba msizidharau dakika za maswali. Watoto wa miaka minane na tisa husikiliza vizuri kwa muda mfupi, lakini wakipewa nafasi ya kuuliza hawachoki.

Mwaliko huu si wa wenye ofisi peke yao. Ninalisema hili wazi kwa sababu mwaka jana wazazi kadhaa waliniambia getini kwamba kazi zao "si za kusimuliwa". Anayeendesha bodaboda, mama lishe, fundi cherehani, kuli wa bandarini, mkulima wa machungwa kule Muheza, karani, muuguzi, mlinzi wa usiku na mama anayelea nyumba nzima bila mshahara, wote wanahitajika kwa uzito uleule. Babu na bibi waliostaafu nao wana nafasi. Mzee aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge anaweza kuwaeleza watoto jinsi jani linavyoingia kwenye mashine ya korona likiwa kijani na kutoka likiwa singa, akawaachia fungu dogo la singa walishike na kujaribu kulisokota kamba mapajani. Mimi nimekuwa nikiwafundisha kwamba mkonge uliletwa huku kwetu mwaka 1893 na ukapandwa kwanza Pangani. Mwaka huo wameukariri, lakini singa yenyewe wengi hawajaigusa.

Ninajua pia kwamba darasani wapo watoto waliofiwa na wazazi, wapo ambao wazazi wao wako mbali, na wapo ambao kwa sasa hakuna mtu mwenye kazi nyumbani. Hakuna mtoto atakayetakiwa kuleta mgeni, wala sitasoma mbele ya darasa orodha ya waliokuja na wasiokuja. Shangazi, mjomba, kaka mkubwa au jirani mnayemwamini anaweza kuja kwa niaba ya familia. Mgeni atatambulishwa kuwa ni mgeni wa darasa zima, na ninawaomba wageni nao wawe waangalifu na maneno kama "kila baba hufanya hivi" au "mkifika nyumbani waulizeni mama zenu", kwa kuwa hayamfikii kila mtoto kwa namna moja.

Sasa niseme kidogo kuhusu namna ya kuwasimulia, maana mtu anaweza kuwa hodari kazini na bado asijue aanzie wapi mbele ya watoto 58.

Anzeni na kitu cha kushika. Chombo kimoja cha kazi kinatosha na mara nyingi kinazidi maelezo marefu: timazi ya mwashi, futi ya fundi cherehani, dema la mvuvi, mhuri wa karani. Kiinueni juu bila kusema ni nini, waulizeni watoto wanadhani kinafanya kazi gani, na subirini. Majibu yao ndiyo yatakayowaonyesha pa kuanzia. Kisha simulieni siku moja ya kazi tangu kuamka hadi kurudi nyumbani, badala ya kueleza historia ya ajira yenu au muundo wa idara. Watoto hupenda kujua mnakula nini kazini, nani ni rafiki yenu huko, ni jambo gani huwachekesha, na kama mliwahi kukosea. Kosa dogo lililorekebishwa, kwa mfano suruali iliyokatwa fupi na ikageuzwa kaptula ya mtoto, watalikumbuka kuliko mafanikio kumi.

Maneno ya kitaalamu si lazima yaachwe yote, lakini kila moja liandamane na mfano wa nyumbani. Mzazi mmoja ambaye ni wakala wa forodha aliniuliza atawezaje kueleza kazi yake bila kuwachosha watoto. Tulikaa naye robo saa tukapata njia: mtoto mmoja atakuwa meli inayoingia bandari ya Tanga, wa pili atakuwa mwenye mzigo, wa tatu ofisa wa forodha mwenye mhuri, na yeye mwenyewe atapita katikati na karatasi zake, akikaguliwa na kurudishwa kila anapokosa karatasi moja. Neno "ushuru" litaeleweka pale ofisa atakapodai vizibo vitatu vya soda kabla ya kugonga mhuri. Yeyote anayekwama kama yeye anikute siku yoyote baada ya saa 8:00 mchana, tutatafuta njia pamoja.

Yapo mambo machache ambayo ningeomba yabaki nje ya darasa. Zipo kazi zinazokutana na damu, vifo, uhalifu au moto, na sitaki wenye kazi hizo wajizuie kuja. Ninachoomba ni kwamba wasimulie upande wa msaada, si upande wa jeraha. Muuguzi anaweza kuwaonyesha namna ya kunawa mikono na kufunga bendeji kwenye mkono wa mwanasesere, akawasikilizisha mapigo ya moyo, na sindano akaiacha hospitali. Dereva aeleze kwa nini anavaa helmeti na anavyokagua breki kabla ya kuondoka. Mwaka jana mgeni mmoja, kwa nia njema kabisa ya kuwaonya watoto, alisimulia ajali aliyoishuhudia barabarani hatua kwa hatua, na mtoto mmoja akakataa kupanda pikipiki ya baba yake karibu wiki nzima, akawa anatembea kwa miguu hadi shuleni. Kosa lile lilikuwa langu pia, kwa kuwa sikuwa nimemwelekeza mgeni mapema, na ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu.

Askari na walinzi wanakaribishwa wakiwa na sare, bila silaha ya aina yoyote, hata isiyo na risasi. Mafundi wanaokuja na visu, mikasi mikubwa, misumeno au dawa za viwandani wanieleze kabla, ili vifaa hivyo vikae mezani kwangu na watoto wavitazame bila kuvigusa. Mishahara, madeni, malalamiko dhidi ya waajiri na siasa visiwe sehemu ya mazungumzo. Mtoto akiuliza mnalipwa kiasi gani, na nina hakika mmoja atauliza, inatosha kumjibu kwamba kazi hiyo inasaidia kulipia chakula na mahitaji ya nyumbani. Vilevile tusiuze wala kutangaza bidhaa darasani, na tusiwagawie watoto pipi au vyakula, kwa sababu wapo wenye mzio na wapo ambao wazazi wao hawapendi. Ikiwa kazi yenu ni ya chakula, nijulisheni mapema tuone ni nini kinaweza kuonjwa.

Kuhusu picha, ninaelewa hamu ya kupiga moja ya kumbukumbu. Hata hivyo, nyuso za watoto wa watu wengine si zetu kuzisambaza, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotudai uangalifu. Nitampiga picha mgeni akiwa na chombo chake cha kazi mbele ya ubao na kumkabidhi. Simu nyingine zibaki mfukoni zikiwa kimya, na pasiwepo video itakayorushwa kwenye makundi ya wasapu.

Kwa wale wasiopenda kusimama mbele ya watu, ipo njia nyepesi. Mtakaa kwenye kiti karibu na ubao, nami nitawauliza maswali kama tunavyozungumza barazani, watoto wakisikiliza na kudakia. Bibi mmoja mshona mikeka alifanya hivyo mwaka jana. Alizungumza huku mikono yake ikisuka ukili bila kuutazama, na darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba mlio wa ukindu ulisikika.

Ninaomba majibu yaandikwe kwenye daftari la mawasiliano la mtoto na kunifikia kabla ya Ijumaa, tarehe 24 Julai. Andikeni jina lenu na uhusiano wenu na mtoto, kazi mtakayoisimulia, chombo mtakachokuja nacho, na Jumatano mbili zinazowafaa ili nipate pa kuwapanga. Wakijitokeza zaidi ya kumi, nitaendelea na ratiba hadi Septemba yote, na hakuna atakayeachwa. Asiyepata ruhusa kazini anaweza kutuma chombo chake pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja, nami nitayasoma mbele ya watoto.

Siku ya kuja, fikeni dakika 15 kabla, msaini kitabu cha wageni katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, kisha mnisubiri chini ya mwembe ulio mkabala na darasa letu. Viranja wawili watakuja kuwapokea na kuwabebea mizigo. Wamekwisha kuanza kugombea zamu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu wa Darasa la Tatu B

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule