Kabla kengele haijalia Jumamosi: kilo na pointi kwa mgeni wa ngumi

Jumamosi usiku ulingo unafungwa hapa Dodoma, na wengi niliozungumza nao pale Majengo wanakwenda kuangalia ngumi ukumbini kwa mara ya kwanza. Karibuni sana. Ila mgeni akishaamini kwamba mshindi ni yule aliyerusha ngumi nyingi, atatoka ukumbini analalamika kwamba bondia wake kadhulumiwa.

Tuanze na mizani. Kwa kawaida mabondia hupimwa siku moja kabla ya pambano. Katika upimaji mmoja niliohudhuria Chang'ombe, kijana wa uzito wa welta, ambao mwisho wake ni kilo 66.7, alizidi gramu 300. Kocha wake akamvalisha koti zito, akampeleka nje kuruka kamba juani. Kijana anaruka, anatema mate kwenye chupa tupu ya maji, anaruka tena. Baada ya saa nzima akarudi, akavua hadi nguo ya ndani, akapanda mizani bila kupumua. Akapita. Mimi sikufurahi, maana mwili uliokaushwa hivyo ndio unaokwenda kupigwa kichwani kesho yake.

Ngumi za kulipwa zina madaraja 17 ya uzito yanayojulikana zaidi. La chini kabisa linaishia kilo 47.6, uzito wa juu unaanzia pale kilo 90.7 zinapopitwa, na huko hakuna kikomo. Katikati wamo bantamu (53.5), unyoya (57.2), supa welta (69.9) na uzito wa kati (72.6), pamoja na mengine. Namba hizi zina desimali kwa sababu mipaka yenyewe imewekwa kwa pauni. Utaona pia madaraja ya chini yamebanana, wakati ya juu yameachana kwa kilo nyingi. Kwa mtu wa kilo 50, kilo mbili ni tofauti ya nguvu inayosikika kwenye konde. Kwa mtu wa kilo 100 si kitu. Hassan Mwakinyo alikuwa supa welta alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018. Michael Yombayomba aliyetuletea dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998 alikuwa bantamu, mwembamba kabisa.

Sasa pointi, na hapa ndipo penye ugomvi.

Kando ya ulingo wanakaa majaji watatu, kila mmoja na karatasi yake. Kila raundi ya dakika tatu (wanawake kwa kawaida dakika mbili) inahesabiwa peke yake, kisha inafungwa. Aliyeshinda raundi anapewa 10, mwenzake 9. Jaji anaangalia ngumi safi zilizofika usoni na mwilini, nani alishambulia kwa faida, nani alijilinda, nani aliutawala ulingo. Ngumi iliyoishia kwenye glovu au mkononi haina thamani, hata kama ukumbi mzima umeshangilia. Bondia akiangushwa, kwa kawaida raundi inakuwa 10-8. Akiangushwa mara mbili, 10-7. Na refa anaweza kuamuru pointi ikatwe kwa rafu, kama kupiga chini ya mkanda.

Chukua pambano la raundi sita. Wa kona nyekundu anashinda raundi nne za mwanzo kwa tofauti ndogo ndogo tu, kila moja 10-9. Raundi ya tano wa bluu anamwangusha: 10-8. Ya sita anamfukuza ulingo mzima: 10-9. Jumlisha. Nyekundu ana 40, 8 na 9, yaani 57. Bluu ana 36, 10 na 10, yaani 56. Nyekundu kashinda, ingawa anatoka ulingoni akiyumba na uso umevimba, na mashabiki wa bluu wanarusha chupa. Majaji hawakuiba kitu. Lakini kama nyekundu angekatwa pointi moja kwa rafu, ingekuwa 56-56, sare.

Karatasi zikisomwa, sikiliza zote tatu. Majaji wote wakimpa mmoja, ni ushindi wa pamoja. Wawili huku na mmoja kule, uamuzi umegawanyika, na hapo ujue raundi mbili tatu zilikuwa ngumu kweli kuamua. Bondia akishindwa kuinuka kabla refa hajafika kumi, au refa akiona hawezi tena kujitetea na kusimamisha pambano, karatasi hizo hazisomwi.

Jumamosi nenda na kalamu. Kengele ikilia, andika 10-9 yako kabla hujamgeukia jirani, maana ukishasikia kelele zake utaandika raundi aliyoiona yeye.