Bega la Mama Nasra

Prompti za Fundi Seleman, yale maelezo aliyoiandikia AI ya simuni ili imvishe mteja nguo kwenye picha kabla hajaishona, zilianza kwa sentensi moja siku zote: "Badilisha nguo tu." Baada ya hapo yalifuata makatazo. Usiguse uso. Usipunguze kiuno. Usimng'arishe ngozi. Usimwongezee urefu. Usimvue miwani. Rehema, binti aliyekuwa akijifunza ushonaji kwake, alisema mtu akiyasoma atadhani ni masharti ya nyumba ya kupanga. Lakini kila katazo lilikuwa na mwenyewe. La kiuno lilikuwa la mwalimu mmoja ambaye siku ya kujaribu gauni alisimama mbele ya kioo, simu mkononi, akatazama picha, akajitazama, kisha akamdai fundi amrudishie kiuno chake.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa afadhali, au mabaya zaidi, inategemea unamuuliza nani pale Magomeni. Mteja alikuja na picha ya dada wa Lagos aliyoitoa Instagramu, akasema, "Fundi, nataka kama huu." Mshono ulikuwa wa yule dada, na mwili pia. Sasa mteja anapigwa picha yeye mwenyewe pale mlangoni, penye mwanga, halafu kitenge chake kinatandazwa mezani na kupigwa picha yake, na fundi anaandika.

Mama Nasra alikuja Jumanne na kitenge cha yadi sita, rangi ya ugoro, chenye ndege wakubwa. Nasra alikuwa na sendofu mwishoni mwa mwezi. Mama alitaka blauzi ya shingo ya boti, mkono wa puto, peplamu, na sketi ya penseli.

"Shikamoo mama," alisema Rehema.

"Marahaba mwanangu. Fundi, usiniangushe. Kamati nzima itakuwepo."

Fundi alimpima. Alipofika mabegani alipima mara mbili, kulia na kushoto, akaandika namba daftarini bila kusema neno. Tangu bodaboda ilipomwangusha na mtulinga ukaunga vibaya, bega la kushoto la Mama Nasra lilikuwa chini ya mwenzake kwa inchi moja na nusu. Nguo za dukani zilimteleza upande huo. Ndiyo maana siku zote alitembea na mtandio.

Mteja mwingine akaja kugombania vifungo vyake, na fundi alipotoka nje kumsikiliza, Rehema akachukua simu akaandika prompti yake fupi: mama huyu avae blauzi ya kitenge hiki, apendeze. Picha ikaja. Mama Nasra akaivuta karibu na macho.

"Eh! Huyu ni mimi wa kabla ya bodaboda."

Mabega yalikuwa sawa kama rula. Shingo imenyooka, ndege wamepungua ukubwa hadi kufanana na shomoro, na wote wametazama juu, hata kwenye mikono. Fundi aliporudi aliiangalia kwa muda.

"Nzuri," alisema. "Siwezi kuishona."

"Kwa nini?"

"Ndege wako ni wakubwa kuliko hawa. Na wameelekea upande mmoja, kwa hiyo siwezi kugeuza vipande ili kubana kitambaa. Nikiwasimamisha wote mpaka mikononi, yadi sita hazitoshi."

Yote hayo yalikuwa kweli. La bega hakulitaja. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani akaanza upya.

"Badilisha nguo tu. Ndege mmoja ana urefu wa kiganja chake. Kifuani wakae watatu, mikononi waonekane nusunusu. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, liache hivyohivyo."

Picha ya pili iliteremsha bega la kulia. Picha ilikuwa imepigwa kwa kamera ya mbele, nayo ilikuwa imegeuza kila kitu kama kioo, kwa hiyo kushoto kwa Mama Nasra kulikuwa kushoto kwa mtu mwingine kabisa. Wakapiga tena kwa kamera ya nyuma. Picha iliyofuata ilimlaza mwili mzima upande, kama mtu aliyeegemea nguzo isiyoonekana. Nyingine ilimzeesha. Neno "bega limeshuka" lilikuwa limemletea makunyanzi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Fundi akaacha kueleza mwili, akaeleza nguo. "Mwili ubaki kama ulivyo kwenye picha, usinyooshe chochote. Mshono wa bega, upande wa kulia wa anayetazama, uanzie chini kidogo kuliko wa upande mwingine." Hapo ndipo ikakubali. Mshonaji anayejua kueleza mshono wake huwa na bahati na vyombo hivi kuliko mshairi, nadhani.

Akamkabidhi simu. Mama Nasra alinyamaza. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena.

"Ndilo hili," alisema.

"Ndilo. Naweza kuweka pedi upande mmoja. Inchi moja nakupa. Nusu iliyobaki ni ya Mungu."

Akaandika nyingine, yenye pedi. Kisha akaandika ya tatu ambayo hakuombwa: rinda pana linaloanza shingoni na kufunika bega la kushoto peke yake, mtu asijue bega lilipo. Akaziweka zote tatu mbele yake. Rehema aliipenda ya rinda. Fundi naye pia, ila hakusema.

Mama Nasra akauliza swali ambalo hakuna prompti iliyokuwa nalo.

"Nikimtuza mwanangu itakuwaje?"

"Vipi?"

"Nitaingia nacheza, mikono juu, noti hizi hapa." Akanyanyua mikono, akazungusha kiuno, kidole gumba kikihesabu noti za hewani. "Hiyo pedi haitapanda mpaka sikioni?"

Picha zote zilikuwa zimesimama tuli. Rehema akampiga nyingine akiwa amenyanyua mikono, fundi akaandika tena. Ikaja: mikono juu, na blauzi haijasogea hata uzi, peplamu imetulia kiunoni kana kwamba imegundishwa.

Fundi akacheka. "Hapa sasa inaongopa. Hakuna kitambaa chenye adabu hivyo."

Akaiweka simu mezani. Alichukua kipande cha marekani kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakikadiria mwilini mwa Mama Nasra kwa pini, akabana pedi kwa ndani. "Cheza."

Mama Nasra akacheza. Pedi ikapanda. Wakaitoa, fundi akabana rinda badala yake, akalegeza kwapa, akaongeza kipande kidogo cha pembe nne chini ya mkono. "Cheza tena." Rehema akapiga makofi kumpa mdundo, na dereva wa bajaji aliyekuwa nje akapiga honi. Safari hii rinda lilipanda na kushuka pamoja na mkono, nalo lilipendeza zaidi likitembea.

"Hiyo," alisema Mama Nasra, akihema. "Bei?"

"Elfu hamsini na tano."

"Fundi!"

"Rinda hilo, bitana, na kipande cha kwapa. Na nimekupiga picha ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Hamsini. Unaacha nusu."

Mama Nasra alihesabu noti za kweli safari hii, elfu ishirini na tano. Rehema akaandika daftarini, fundi akachora chaki kwenye marekani kabla hajaitoa pini. Mama Nasra alifika mlangoni, akarudi.

"Ile picha ya kwanza, ya Rehema. Usiifute. Nitumie."

"Ile nimekwambia haishoneki."

"Nani kakwambia ushone? Naiweka Wasapu."

Fundi akamtazama Rehema. Rehema akaangalia ovaloki.

"Elfu mbili ya bando," alisema fundi.

"Utaikata kwenye baki," alijibu Mama Nasra, akavuka barabara.