Ratiba ya msosi ya dada Rehema, tumbo la gesi na kuharisha

Rehema mdogo wangu, hii fuata wiki 4 tu, sio maisha yote.

Asubuhi uji wa mahindi mtupu, ule wa lishe wenye soya na ngano achana nao, au viazi mviringo vya kuchemsha na yai, chai ya rangi na tangawizi bila maziwa, asali pia hapana.

Mchana wali au ugali, samaki au dagaa, sukuma wiki na karoti. Sasa shida ni kitunguu maji na kitunguu saumu maana hao ndo wachokozi wakubwa, ila kuna ujanja, saumu kaanga kwenye mafuta halafu itoe yote kabla hujaweka nyanya wala maji, harufu inabaki ila ile sukari inayochacha tumboni haiyeyuki kwenye mafuta. Kitunguu tumia majani yake ya kijani.

Usiku ndizi mbichi na kuku. Ukisikia njaa kula papai kipande au karanga kiganja kimoja. Maharage, chapati, embe na tikiti pumzisha kwanza.

Wiki ya 5 rudisha kimoja kimoja kwa siku 3, anza na maharage kidogo. Ukiona damu chooni au unakonda, hospitali haraka.