Barua ya Dereva wa Bodaboda kwa Kampuni ya Bima: Taarifa ya Ajali na Ombi la Dai

18 Machi 2025

Meneja wa Madai,
Kampuni ya Bima.

Ndugu Meneja,

KUH: AJALI YA PIKIPIKI YA TAREHE 14 MACHI 2025 NA OMBI LA KUSHUGHULIKIWA DAI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa bodaboda na mteja wenu. Nina bima kubwa ya pikipiki ya kubeba abiria, niliyoikata tarehe 2 Septemba 2024 kwa mwaka mmoja. Ijumaa iliyopita nilipata ajali, na mchana wa siku hiyohiyo niliwapigia simu nikiwa bado kituo cha polisi. Niliambiwa nilete maelezo kwa maandishi, ndiyo haya.

Ilikuwa saa 1:20 asubuhi. Nilikuwa na abiria mmoja, mama ambaye humpeleka kazini kila siku. Sote tulivaa helmeti na taa ya mbele ilikuwa inawaka. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika ila lami ilikuwa bado imelowa, kwa hiyo nilikwenda mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, nikiwa upande wangu wa kushoto. Gari dogo jeupe lilikuwa linakuja kutoka mbele. Tulipofika kwenye mlango wa kituo cha mafuta, ambao uko upande wangu, gari lile likakata kulia bila kuwasha indiketa, likanifungia njia. Nilishika breki zote mbili, tairi la nyuma likaserereka, nikalivaa ubavuni. Honi sikupiga, maana muda huo haukuwepo. Abiria wangu alirushwa akaangukia mkono. Nilipomgeukia alikuwa amekaa chini ameushika kifundo, anauliza mkoba wake uko wapi.

Jambo ninaloomba mlitazame kwa makini kuliko yote ni hili. Dereva wa gari amewaeleza polisi kwamba nilikuwa nyuma yake, nikataka kumpita kulia wakati anakata kona. Si kweli, na gari lake lenyewe ni shahidi. Ningekuwa nyuma nikimpita kulia, ningemgonga ubavu wa kulia. Gari limebonyea kushoto, pale milango miwili inapokutana, na rangi nyekundu ya madigadi yangu imebaki kwenye mlango wa mbele. Upande wa kulia hauna hata mkwaruzo. Mwenzangu wa kijiweni alipiga picha kabla vyombo havijasogezwa, na katika picha ya tatu mtaona vioo vya taa yangu vimetapakaa kwenye njia yangu. Ramani ya ajali aliyochora askari nayo inaonyesha hivyo. Naomba mtathmini wenu alione gari lile kabla halijanyooshwa, kwani likishapigwa rangi nitabaki na maneno yangu tu.

Kwa upande wa pikipiki, forki za mbele zimepinda, rimu ya mbele imekunjika, taa na dashibodi vimevunjika, na tangi limebonyea. Fundi ana wasiwasi kwamba shasi imepata ufa karibu na shingo ya usukani, lakini hawezi kuthibitisha bila kufungua. Nimemzuia asiguse hata nati moja mpaka mtathmini afike. Pikipiki imekaa gereji tangu Jumamosi, baada ya mkaguzi wa magari wa polisi kumaliza kazi yake, na tangu siku hiyo sijaingiza chochote nyumbani, kwa sababu sina kazi nyingine.

Abiria wangu amevunjika mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia na amefungwa plasta kwa wiki sita. Yeye ni fundi cherehani. Gharama za hospitali amelipa mwenyewe kwa kukopa. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama matibabu yake yatadaiwa kwenu au kwenye bima ya lile gari, ili asizungushwe huku na huku. Mimi ndiye niliyembeba, siwezi kukaa kimya juu yake.

Ninajua kesi ya barabarani inaweza kuchukua miezi. Kwa kuwa bima yangu ni kubwa, naomba matengenezo yasisubiri hukumu: mnilipe kwa mujibu wa mkataba wetu, nikichangia sehemu yangu ya hasara kama ilivyoandikwa, kisha ninyi mdai fedha hizo kwenye bima ya dereva yule. Nitakuja kutoa ushahidi siku yoyote mtakayoniita.

Nimeambatisha nakala za leseni yangu, kadi ya pikipiki, hati ya bima, taarifa ya polisi, cheti cha hospitali cha abiria, makadirio ya awali ya fundi na picha saba. Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye faili langu, na iko hewani usiku na mchana. Naomba nipewe namba ya dai na siku atakayokuja mtathmini.

Wenu mtiifu,

Hamisi
Dereva wa bodaboda