Neno la Baba Nyemo siku ya harusi

Mbukwenyi! Haya, asanteni. MC kaniambia nina dakika 5 chakula kisipoe, na chakula chenyewe nimekichangia kwahiyo sitakichelewesha.

Wakwe zangu kutoka Iringa poleni na safari. Watani, mbwa wote wa mtaa tumewafungia ndani tangu jana kwahiyo msihangaike kuwatafuta. Ila naomba niulize kitu kimoja tu nikae na amani, miaka yote mnatuita sisi Wagogo ombaomba, sasa mwaka huu nani kavuka Mtera na mshenga wake kuja kuomba? Haya, nimemaliza, tumesamehe.

Kanisani asubuhi mchungaji kafundisha vizuri sana habari ya mzabibu na matawi, na kuna ndugu kaninong'oneza hapa eti na mimi niendelee hapohapo maana nina shamba la zabibu Makutupora. Nimekataa. Mkulima wa zabibu hawezi kuongelea zabibu kwa upole, sisi tunachowaza ni dawa, ndege na mnunuzi ambaye hapokei simu.

Lakini hapohapo kwenye zabibu ndo nilimjua huyu mtoto. Alikuwa na miaka 9, yupo darasa la tatu, nimeenda naye kuuza, mnunuzi anapima mimi naandika. Nyemo kanyamaza muda mrefu halafu kabla sijamzuia kashapanda juu ya mzani na ndala zake. Ukasoma 23. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, baba shuleni juzi nimepimwa kilo 27. Niliona aibu, sikujua nimkemee mtoto au nimshike mnunuzi, mwishowe tulipakia kreti zetu tukarudi nazo nyumbani, nusu ziliharibika. Mama yake alininunia siku mbili. Ila tangu siku ile daftari la shamba analo Nyemo, hata alipoenda chuo alikuwa ananipigia anauliza tumeuza ngapi, na nikidanganya anajua.

Mkwe, simama kidogo nikuone. Basi kaa. Huyo ndo uliyemuoa, nakwambia mapema, nauli ya bodaboda atakuuliza ilikuwa shilingi ngapi.

Sasa hili la kumwachia. Watu wananiuliza mzee unajisikiaje, nawaambia vizuri, kwasababu ukisema vingine wanakuletea maji ya kunywa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga chumba chake kibaki vilevile, kitanda, neti, lile kabati la mlango mmoja, nikamwambia mama yake hakuna kugusa. Mama Nyemo akanyamaza, mnamjua akinyamaza. Wiki mbili zilizopita Nyemo kaja nyumbani jioni kaongozana na binti mmoja mwanafunzi wa UDOM, kamuonyesha chumba, choo, bomba linavyotoka na siku linavyokatika, nikadhani rafiki yake kaja kusalimia. Kumbe ni mpangaji! Washakubaliana na bei, kodi ya miezi 3 kashapokea, na hela ya kupaka rangi kaitoa humohumo. Nikamuuliza, mwanangu, sasa wewe siku ukitaka kurudi utalala wapi? Akaniambia, baba, sebuleni.

Nilienda nje nikajifanya naangalia mbuzi.

Kwahiyo mkwe, mimi simwachii leo, alishaondoka na risiti kaniandikia. Nisikilize hapa, hili sio utani. Mtagombana, mimi na mama yake tuna miaka 31 na jana tu tumegombana kuhusu hili koti. Lakini siku ukiona mkono wako unataka kuinuka, ushushe, chukua simu nipigie hata saa nane usiku, au mpandishe basi. Sebule ipo. Na ng'ombe wako nitakurudishia, isipokuwa yule mwekundu kashazaa, ndama ni wangu.

Wakwe zangu, mama mkwe hasa, mlenda Nyemo anaupika vizuri, wali unamshinda, msimlaumu mlaumuni shangazi yake yule pale aliyevaa kijani.

Nyemo mama. Kila siku saa moja na nusu jioni unanipigia uniulize kama nimemeza dawa ya presha, hata ukiwa na mitihani ulikuwa unapiga. Wiki hii usipige. Nakujua, utakuwa umekaa na mumeo huko Iringa na baridi yake, ikifika saa moja na nusu utaanza kutafuta simu. Iache. Dawa nitameza, mama yako atanihesabia vidonge, na wiki ikiisha utapiga uulize vimebaki vingapi.

MC, chakula.