Jibu kwa Baba Neema, saa tano usiku

Baba Neema,

Ujumbe wako nimeusoma wote, hata ile sehemu ya mwisho. Nakujibu usiku huu huu ili usilale ukidhani nimenuna au nimezima simu.

Una haki kukasirika. Umetuma dola 120 za kodi kutoka Kolwezi, halafu mwenye nyumba ndiye anakupigia simu kukudai. Mimi ndiye nilipaswa kukwambia kwanza, kabla yake.

Pesa imekwenda hivi. 80 nilimpa mwenye nyumba Jumatatu, mkononi, na amesaini. Ajabu ni kwamba hizo 80 hakukutajia. 40 nililipa hospitalini kwa ajili ya Patrike. Tumbo lilimshika usiku, waganga wakasema ni apendisi, na bila pesa ya kwanza hawakutaka kumpasua. Nilikupigia mara mbili, ukawa chini kwenye mgodi. Sikuweza kungoja zamu yako iishe. Risiti zote mbili nakutumia picha zake sasa hivi.

Zile 40 zinarudi. Ijumaa likelemba yetu ya pale Katuba inaniangukia mimi, na Jumamosi asubuhi namalizia kodi. Nimeshaongea na mwenye nyumba, amekubali. Akikupigia tena, mwambie aniulize mimi.

Kitu kimoja nakuomba. Umeandika kwamba ndugu zangu wanakunyonya. Ukinikasirikia mimi, nitakusikiliza mpaka umalize. Lakini Patrike yuko kitandani na mshono tumboni, na ndiye aliyekubebea masanduku mpaka kwenye basi ulipokuwa unaenda huko. Maneno yale yameniumiza, nayo sitayajibu kwa mengine ya namna ile.

Umeuliza pia, nyumba hii ni nani anaamua. Hilo si la kuandikiana usiku, wewe umechoka na mimi nimeshinda hospitalini. Ni swali kubwa na nalitaka jibu lake hata mimi, kwa sababu wewe ukiwa huko wiki tatu, mambo mengine hapa hayangoji. Labda tupatane kiasi: chini ya hapo naamua na kukuarifu siku ile ile, juu ya hapo nakungoja, isipokuwa mtu yuko hatarini. Wewe fikiria kiasi, na mimi nifikirie.

Kesho ukitoka zamu, saa kumi na mbili jioni, nitakupigia. Neema atakuwa kwa Mama Rashidi, tutaongea bila masikio ya mtoto. SNEL wakikata umeme, nitachaji simu kwa jirani mwenye paneli, kwa hiyo nisipopatikana dakika chache usiwaze vibaya, jaribu tena.

Ukiona saa hiyo haikufai, niandikie yako. Na ule kwanza, najua ukirudi zamu na hasira huwa unalala na njaa.

Mama Neema